Kichwa cha shemeji

Jana tumerudi kutoka Tabora na bado nasikia aibu, kwa hiyo naandika.

Mimi Mzaramo wa Kisarawe, mume wangu Mnyamwezi. Anayejua mambo ya makabila keshaanza kucheka, maana hao ni watani wa siku nyingi. Karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, huko Tabora, mpaka Bagamoyo, wakipita Uzaramo wakiwa hoi, na huko njiani ndiko inakosemekana utani ulizaliwa. Mpaka leo sisi tunawaita wapagazi, nao wanatuambia tungeuza hata shamba ili ngoma isilale.

Ndoa ikaniongezea utani wa pili. Mdogo wake mume wangu ni shemeji, na shemeji unamchana utakavyo. Kwa hiyo yule kijana ni mtani wangu mara mbili, na tangu nifike hatujawahi kusalimiana kistaarabu. Akiniona tu anauliza nani kafa kwetu, maana Mzaramo hasafiri bila ngoma au msiba.

Jumapili ukoo ulikusanyika kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa wifi. Tumekaa chini ya mwembe, wanawake mkekani, wazee kwenye viti upande wa pili. Shemeji akapita na ndoo ya maji mkononi. Nikamwambia, "Wewe, mzigo unabebwa kichwani! Tazama kichwa chenyewe kilivyo bapa juu, kama meza. Mungu alikutengenezea kata kabisa."

Mkeka mzima ukalipuka. Mimi nikanogewa, nikasema kichwa kama kile hakitokei hivi hivi, kina ukoo wake.

Hapo kicheko kikaanza kuwatokea watu puani. Wifi akaanza kukusanya sahani ambazo watu hawajamaliza. Nikageuka. Baba mkwe alikuwa ametusimamia nyuma, kofia mkononi, na kichwa chake ni kile kile, bapa, hakuna tofauti.

Hakusema kitu. Akavaa kofia, akarudi kitini.

Ningemtukana shemeji uvivu, ulafi, uoga wa wanawake, pasingekuwa na neno, kwani hayo ni yake mwenyewe. Lakini umbo la mwili ana aliyempa. Ukimcheka pua, kichwa au miguu unapanda ngazi, na juu ya ngazi amekaa mkwe. Halafu nilitaja ukoo kwa mdomo wangu, nikajifungia mlango.

Kilichonipoteza ni siku ya posa. Huyu mzee alipokuja Kisarawe wajomba zangu walimzuia mlangoni, wakamwamuru atue mzigo alipe ushuru wa kupita Uzaramo. Naye akajibu vizuri sana! Akasema analipa, ila kwanza aonyeshwe Mzaramo mmoja ambaye hajalala mchana. Nikajua nimepata mtani. Sikuelewa kwamba siku ile alikuwa mtani wa wajomba, na mimi baada ya mahari kupokelewa nikawa mwanawe. Kabila linaniruhusu, ndoa inanikataza, na ndoa ndiyo yenye nguvu. Ninayempigia magoti asubuhi siwezi kumwita mpagazi jioni.

Dalili ni ile ya kunyamaza. Mtani ukimchoma atakuchoma, na akinuna yeye ndiye mwenye kosa. Mkwe hana jibu la kukupa, kwa sababu akikujibu anajishusha, kwa hiyo anabaki na maneno yako mkononi.

Aliyeniokoa ni bibi, mama yake baba mkwe. Yeye ananiita mke mwenzake, mume wangu ni "mume" wake, hivyo hapo utani umejaa tele. Akauliza kwa sauti, "Kwani kimya cha nini? Kichwa hicho nimekizaa mimi. Siku mbili nahangaika nacho, kumbe ni meza!"

Wazee wakacheka kwanza, ndipo na sisi tukathubutu. Bibi tu ndiye angeweza kulisema lile. Angelirudia shemeji lingekuwa kosa la pili.

Usiku nilimtuma shangazi wa mume wangu anipelekee samahani pamoja na jogoo. Sikwenda mwenyewe, maana kumwendea mkwe umweleze ulikuwa unataniaje ni kumtania tena. Shangazi akarudi akasema tu jogoo amepokelewa.

Asubuhi tukafungiwa kiroba cha matobolwa na dumu la asali. Nikapiga magoti kuaga. Baba mkwe akaitikia, akaniombea safari njema, hakuniangalia sana. Kisha akamgeukia shemeji.

"Mpeleke shemeji yako stendi na mizigo yake."

Shemeji akainama kunyanyua kiroba kwa mkono.

"Kichwani," akasema mzee, akaingia ndani.

Nilijibana hadi stendi.