Siku moja kwenye chumba cha MRI: alama ya 3 inayogeuka 4

Saa 1:30 asubuhi kazi inaanzia kwenye karatasi. Leo kuna wagonjwa wanne wa tezi dume. Kwa kila mmoja nataka kujua kipimo chake cha PSA, protini ya tezi dume, kwenye damu, na kama alichukuliwa kinyama cha tezi kwa sindano ndani ya wiki 6 zilizopita. Aliyetobolewa juzi bado ana damu ndani ya tezi, na damu hiyo huchafua picha. Huyo anapewa tarehe nyingine.

Saa 2:00 hadi 3:30 wawili wa kwanza wanapita bila shida.

Saa 3:40 anaingia mzee wa miaka 63 mwenye PSA ya 6.8. Picha za T2, zinazoonyesha umbo la tezi, ni safi. Zinakuja zile zinazopima jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama, na sehemu ya nyuma ya tezi imevutika kama sura ya mtu kwenye mgongo wa kijiko. Ni gesi.

Watu hudhani mashine hutoa jibu lenyewe. Hewa na nyama haviitikii sumaku sawasawa, na vinapopakana picha hupinda. Mpaka huo uko kwenye njia ya haja kubwa, ambayo imeegemeana na ukanda wa nje wa tezi, na takriban asilimia 70 ya saratani za tezi dume huanzia humo. Ukiisoma picha iliyopinda, utaandika ugonjwa usiokuwepo au utauruka uliopo.

"Shikamoo tena mzee. Tunaomba uende chooni, kisha turudie kidogo."

"Marahaba. Turudie? Nimelala humo nusu saa, daktari!"

Ana haki ya kununa. Chooni hakitoki kitu, kwa hiyo muuguzi anapitisha mpira mwembamba kutoa hewa. Nje foleni inagonga mlango. Tunarudia picha za maji peke yake, tunamalizia na dawa ya kung'arisha inayopitia kwenye mshipa, na saa 5 imeshapita.

Sasa nasoma. Kushoto, katikati ya ukanda wa nje, kuna doa la milimita 9. Kwenye ramani ya ADC, inayotengenezwa kutokana na picha za maji, linaonekana jeusi, lakini si jeusi la kukolea. Seli za saratani zikibanana maji hukosa pa kupita, na hapo ndipo weusi hukolea. Hili limesimama katikati, kwa hiyo ni alama ya 3 kati ya 5 kwenye PI-RADS, mfumo wa kupima shaka ya saratani kwenye picha za tezi dume. Kwa ukanda wa nje picha za maji ndizo hakimu. Kwa ukanda wa ndani ni T2. Anayechanganya hakimu hao wawili hukosea alama.

Alama ya 3 ndiyo inayochosha. Ya 1 na ya 2 kwa kawaida hukuacha utulie, ya 4 na ya 5 hukupeleka kwenye sindano. Ya 3 inakudai hesabu. Tezi yake ina sentimita 4.2 kwa 5.0 kwa 4.4, zidisha zote, kisha mara 0.52, unapata mililita 48. PSA ya 6.8 gawanya kwa 48 ni 0.14, chini kidogo ya 0.15 ambayo wengi huitumia kama mstari wa kuamua kutoboa. Kwa hesabu hiyo tu, na kama hakuna saratani ya tezi dume kwenye ukoo, angeweza kufuatiliwa kwa PSA bila kutobolewa.

Ila zipo picha za ile dawa ya kung'arisha. Doa lilelile limeng'aa mapema kuliko nyama jirani. Kwa toleo la 2.1 la PI-RADS la mwaka 2019, 3 ya ukanda wa nje ikiwaka hivyo hupanda kuwa 4. Haifiki 5, maana hiyo huhitaji sentimita 1.5 au kuvuka ganda la tezi. Naandika 4: achukuliwe vinyama kadhaa kwenye doa lenyewe, si kutoboa kwa kubahatisha. Na bado inawezekana vikarudi bila saratani. Alama hii inapima shaka tu.

Chai imepoa. Wa nne anaingia mchana, sijatazama saa. PSA yake ni 9.2, kubwa kuliko ya mzee, na mwanawe keshauliza sindano ni lini. Tezi ina mililita 110, imejaa vinundu vya uzee vyenye mipaka yake, alama 2. Tisa nukta mbili kwa 110 ni 0.08. Hatobolewi, arudie PSA kwa daktari wake wa mkojo.

Ripoti yake ina mistari mitano. Ya mzee ina mchoro wa tezi wenye doa: kushoto, katikati, nyuma kwa pembeni, milimita 9, ili atakayeshika sindano ajue pa kuielekeza.