Jibu la 70 lilinionyesha kosa

Jana jioni hapa Mbagala nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Swali: 6 + 4 × (9 − 2). Jibu ni 34: mabano yanatoa 7, mara 4 ni 28, jumlisha 6.

Daftari moja lilikuwa na 70. Zamani ningepiga mkasi tu nikaendelea. Safari hii nilikokotoa kwa njia ya mtoto: 6 + 4 ni 10, mara 7 ni 70. Kumbe mabano anayajua vizuri, ila alijumlisha kabla ya kuzidisha. Jirani yake alipata 40. Huyo alizidisha 4 kwa 9, akajumlisha 6, akatoa 2, kana kwamba mabano hayapo. Na aliyepata 88 alitembea tu kutoka kushoto kwenda kulia.

Wote wanaimba MAGAZIJUTO bila kukosea, lakini kila mmoja anahitaji maelezo yake.

Nimegundua pia swali langu la pili halikupima kitu: 6 × 4 + (9 − 2). Ukiyasahau mabano, bado unapata 31. Leo nimelibadilisha: 6 × 4 − (9 − 2). Sasa jibu ni 17, na asiyeyaona mabano atapata 13.