Chupa hazilipi lori

Nilipowasilisha mpango wa kikundi chetu wa kuzoa taka Mtopanga, Mombasa, mbele ya wazee wa mtaa, wenye nyumba za kupangisha na muuguzi mmoja, maelezo ya picha ukutani yalipita bila tabu. Kazi ilikuwa kwenye maswali. La kwanza lilitoka kwa mwenye nyumba aliyekuwa hajainua kichwa kwenye daftari lake: "Mwasema taka ni mali. Basi zoeni bure, mkauze hizo chupa."

Hilo nilikuwa nalingoja. Nilikuwa nimebeba gunia la mahindi lililojaa chupa za maji zisizopondwa, pamoja na mizani ya kuning'iniza. Kijana akalipandisha gunia, watu wakasogea kusoma. Halikufika kilo tatu. Kilo moja yataka chupa za nusu lita 50 na zaidi, na mnunuzi hapa mtaani alikuwa akitupa shilingi 20 kwa kilo.

Kisha tukapiga hesabu pamoja ubaoni. Nyumba 300, kila moja shilingi 200 kwa mwezi, ni 60,000. Lakini si wote watalipa, kwa hivyo nikaandika nyumba 200, yaani 40,000. Taka ni za nyumba zote 300: kila moja ikitoa kilo 2 kwa siku, kwa wiki ni zaidi ya tani nne. Hizo ni safari mbili za lori hadi jaa la Mwakirunge, na mwenye lori tuliyeafikiana naye ataka 4,000 kwa safari. Safari nane kwa mwezi zinakula 32,000. Zinabaki 8,000, na wazoaji bado hawajalipwa. Chupa, hata tukipata kilo 40 kwa wiki, zitaleta 3,200 kwa mwezi: safari moja ya lori hazitoshi.

Pesa iko kwenye kile ambacho hatukibebi. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani ni maganda, makombo na mabaki ya mboga, vitu vilivyojaa maji. Vikibaki mtaani vikawa mboji, safari moja kwa wiki inatosha, na tunaokoa 16,000. Mwenye nyumba akauliza mboji itanuka vipi. Nikamjibu kuwa ikinuka kama yai viza, imelowa mno na haipati hewa. Yageuzwa na kuongezwa majani makavu. Ukiifinya kiganjani yapaswa kutoa tone moja au mawili tu. Makumbi ya madafu hatuyaingizi mazima, maana yangekaa humo hata tuhame.

Swali la tabia likaulizwa na mama mmoja mtu mzima, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote. "Mwanangu, tushawahi kutenganisha. Kisha mkokoteni ukija, vijana wamwaga vyote pamoja mbele ya macho yetu. Mwatutaka tucheze?"

"La, mama, ni haki yako," nikamwambia. Nadhani watu wengi hulaumiwa kwa uzembe ilhali wamekatishwa tamaa na mzoaji. Nikamweleza kwamba hatutakuwa na mkokoteni wa kuchanganya: taka mbichi tutazipitia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kavu Jumatatu pekee. Siku ya mbichi, mkokoteni haupokei chupa. Ndoo mbili kwa kila nyumba, basi. Zikiwa tano, mpangaji wa chumba kimoja ataziweka wapi? Akadakia mwingine: "Na pampas?" Hizo hazina mnunuzi wala haziingii kwenye mboji. Zifungwe mbali, ziende na lori.

Muuguzi alingoja hadi mwisho. Alitaka kujua kama twaahidi dengi itapungua. Nilikataa kuahidi. Mbu wa dengi hutaga kwenye vyombo vyenye maji, na kwa joto letu viluwiluwi huwa mbu kamili katika muda wa wiki moja hivi. Kuondoa makopo na tairi kila wiki kunasaidia, lakini maji ya mfereji yakikatika kila nyumba huweka mapipa, na hayo hayazolewi na mtu. Nikapendekeza tuhesabu nyumba zenye viluwiluwi, ndani na nje, kabla ya kuanza na tena baada ya mvua za masika. Idadi ya wagonjwa pekee ingetudanganya, maana dengi hupanda na kushuka yenyewe, na wengi hawaendi kupimwa.

"Na wazoaji?" akauliza. Sindano zilizotumika huja ndani ya mifuko ya jikoni. Tukaongeza glavu nene, mabuti na chanjo ya pepopunda kwenye hesabu, shilingi 2,000 kwa mwezi. Zile 24,000 zilizobaki baada ya lori zikawa 22,000 za mishahara, na za chupa tukaziandika pembeni, za kutengeneza mkokoteni.