Jiki peke yake haisafishi tangi lenye tope

Mwaka jana fundi wetu wa bomba alinishauri hivi: "Mama, wala usihangaike, mwaga chupa moja ya jiki, funga mfuniko, kesho maji safi." Akamwaga mwenyewe. Siku ile maji yalinuka dawa, kesho yake harufu ikawa imeisha, na baada ya muda mfupi ukipitisha kidole ukutani ndani ya tangi unakuta utelezi uleule. Ushauri huu bado unatolewa mtaani, na unaniudhi, kwa sababu watu wanapoteza hela na wanabaki na imani kwamba maji yao ni salama. Klorini ikikuta tope na ukungu inaishia kupambana na uchafu huo, na vijidudu vilivyojificha ndani yake vinapona.

Tangi letu ni la plastiki, lita 2,000, liko juu ya mnara hapa Dar. Mgao ukikaza tunanunua maji ya boza, na boza ndilo linaloleta mchanga. Safari hii nilisimamia kazi mwenyewe. Tuliacha maji yatumike mpaka yakakaribia kwisha, tukafunga koki ya kuingizia na ile inayopeleka maji ndani ya nyumba.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Bomba la kutolea maji liko vidole kadhaa juu ya sakafu ya tangi, kwa hiyo tope halitoki hata ukifungua kila kitu. Kuchota kwa kopo kupitia mdomo wa tangi ni mateso, na unalikoroga tu. Nilichukua mpira wa bustani, ncha moja nikaifunga kwenye mti wa ufagio mrefu, nikaujaza maji wote mpaka mapovu yakaisha, nikaziba ncha zote mbili. Kijana wangu akapanda, akazamisha ncha yenye mti hadi sakafuni na kuiachia. Mimi nikiwa chini ya mnara nikaachia ya kwangu. Maji yakaanza kuvuta yenyewe, na kwa kuwa mnara ni mrefu yalivuta kwa nguvu. Akawa anapitisha ile ncha taratibu sakafuni, nami naona tope jeusi linatoka, kisha mchanga, kisha maji ya kahawia. Hakuna haja ya kufyonza kwa mdomo. Mvuto ukikatika, jaza mpira tena. Tangi la zege lililochimbiwa chini halifai kwa mbinu hii kwa sababu hakuna mahali pa chini zaidi pa kupeleka maji. Hapo ni pampu au ndoo. Na asiingie mtu humo akiwa peke yake, maana hewa ya ndani inaweza kumzimisha.

Kusugua tulifanya kutoka nje, kwa brashi laini yenye mti mrefu na maji matupu. Plastiki usiiguse kwa brashi ya waya, kwani mikwaruzo inakuwa makao mapya ya ukungu. Zege ndilo linalotaka brashi ngumu. Msisahau upande wa ndani wa mfuniko na boya. Tukasuuza, tukavuta tena kwa mpira, tukarudia mpaka maji yanayotoka yakawa meupe.

Sasa ndipo jiki ikaingia, ile isiyo na manukato. Yangu imeandikwa asilimia 3.5, na kwa nguvu hiyo lita moja na nusu inatosha lita 1,000 za maji, kwa hiyo nilitumia lita tatu. Tulijaza tangi robo, tukamwaga dawa, tukajaza mpaka juu ili maji yenyewe yaichanganye. Kisha nilifungua kila bomba la nyumba mpaka harufu ya klorini ikatoka, nikafunga, yakakaa saa 24. Kwa muda huo hakuna aliyekunywa, kupikia wala kuoga maji hayo. Kesho yake harufu ilikuwa bado kali, na hiyo ndiyo dalili niliyoitaka. Kama ingekuwa imepotea, maana yake uchafu ulibaki na kazi inarudiwa. Kamwe usichanganye jiki na siki au dawa ya choo yenye asidi. Hutoka gesi ya sumu.

Maji yale sikuyamwaga bure. Tulichota kidogo kidogo kwa vyoo na kudekia, ila si kwa mboga wala kuku. Gharama kubwa ilikuwa maji ya kujaza upya, jiki ni hela ndogo. Tukasuuza, tukajaza, na ya kunywa bado tunachemsha.

Narudia kila miezi sita. Ningekuwa na maji ya bomba tu, yasiyo na mchanga, mara moja kwa mwaka ingetosha. Nikiona rangi ya kijani mapema kuliko hapo, kwanza naangalia mfuniko: mwanga unaopenya kwenye ufa ndio unaootesha mwani wa kijani. Bomba la kumwagia maji yanayozidi nimelifunga wavu mwembamba, mbu wasiingie.