Yonathani hakukasirika Daudi alipoogopa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili nimekwama kwenye 1 Samweli 20, na kilichonipeleka huko ni risiti ya kodi. Mwenye nyumba wetu hapa Manyatta alidai hatujalipa ya mwezi uliopita. Mume wangu akawa anaitafuta ile karatasi, mara akapaza sauti: "Si nilikwambia uiweke kwenye droo!" Hakuinua mkono wala hakutukana. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshafunika kichwa, na mdomo unaomba msamaha kwa kosa nisilolijua. Kabla hajageuka nilikuwa nimeshaangalia kama mlango umefungwa, na kukumbuka kitambulisho changu kiko wapi.

Wengi mnajua nilikotoka kabla sijahamia Kisumu. Katika ile ndoa ya kwanza, kipigo kilitanguliwa na sauti. Mwili ukajifunza mambo hayo mawili yanafuatana, nao huitikia kabla akili haijauliza ni nani anayesema. Kengele hulia kwanza, maswali baadaye.

Kilichonisumbua zaidi kilikuja kesho yake. Mume wangu alirudi na ngege wawili kutoka soko la Jubilee, akaniomba radhi. Badala ya kutulia, nikazidi kuogopa. Yule wa kwanza naye alikuwa akileta nyama baada ya kunipiga, akilia na kuapa. Aliyepitia haya anajua: zawadi haiondoi shaka, yaweza kuiongeza, kwa kuwa zamani zawadi ilikuwa sehemu ya mzunguko uleule.

Sasa mtazameni Daudi. Katika sura ya 19 Sauli anaapa kwa jina la Bwana kwamba Daudi hatauawa. Daudi anarudi nyumbani mwa mfalme, anapiga kinubi kama zamani, na mkuki unarushwa tena. Basi Yonathani anapomwambia katika sura ya 20, "Hasha, hutakufa," Daudi hatulii. Angetuliaje? Ameshasikia kiapo, na anayesema naye ni mwana wa nyumba ileile. Anajibu kwamba iko hatua moja tu kati yake na mauti.

Yonathani hakusema, "Kwa hiyo huniamini?" Hakujilinganisha na baba yake ili asifiwe kuwa yeye ni bora. Aliuliza Daudi anataka afanyiwe nini. Kisha wakapanga ishara wakiwa wametulia, mbali na meza ya mfalme: mishale, kijana wa kuiokota, na maneno yatakayosemwa. Siku ya hatari ilipofika, Daudi hakulazimika kukisia.

Nasi tumepanga ishara yetu. Sauti ikipanda, nasema neno moja tu, "sauti". Yeye huketi, mikono ikionekana, wala hasimami kati yangu na mlango. Hanishiki mpaka nimwambie. Mimi nakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na kutoa pumzi polepole mpaka moyo ushuke. Halafu tunarudi kwenye risiti, maana neno letu halifuti mazungumzo. Naye ana haki ya kukasirika kwamba karatasi haionekani.

Ninachokitazama ni kile kinachofuata. Je, pesa ya sokoni imepunguzwa? Simu yangu imepekuliwa? Nimenuniwa mpaka nipige magoti? Nikileta jambo lilelile kesho, naadhibiwa? Mpaka leo jibu ni hapana, na hapana hizo ndizo zinazoufundisha mwili wangu upya, taratibu, kuliko samaki.

Lakini msisahau kwamba hofu ya Daudi ilikuwa kweli. Yonathani alikwenda kuhakikisha, na mkuki ukamrukia yeye mwenyewe. Kwa hiyo mume wako akiidhihaki ishara mliyopanga, akipiga ukuta, akikuzibia mlango, hayo si kumbukumbu za mume wa zamani. Ni ya huyu uliye naye. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu pia matusi, mateso ya moyo na kunyimwa pesa. Mahakama inaweza kutoa amri ya kukulinda kabla mfupa haujavunjika.

Na hapa niseme na viongozi wetu, kwa heshima. Acheni kumsomea dada anayetetemeka 1 Yohana 4:18 kana kwamba hofu yake ni dhambi. Andiko linasema pendo lililo kamili huitupa nje hofu. Kazi hiyo amepewa pendo, hakupewa aliyeogopa. Mstari huohuo unasema hofu ina adhabu, na huyu dada ameadhibiwa miaka. Msimwambie kwamba kama angesamehe asingeshtuka. Nimemsamehe yule mtu kwa moyo wote, na bado nashtuka.

Akija kwenu, muulizeni dada huyo mume wake hufanya nini baada ya kupaza sauti. Msikilizeni mpaka amalize, mume akiwa hayupo chumbani. Na jibu likiwatisha, mpeni namba 1195, simu ya msaada kwa wanaopitia ukatili, ni ya bure, kabla hamjawaita wote wawili kwa maombi.