Kifungu cha ufahamu nilichokianzia kwenye swali gumu

Niliombwa kifungu kipya cha ufahamu cha darasa la tano na la sita, kwa sababu vile vya kitabuni wanafunzi walikuwa wamevirudia hadi wanajibu kwa kukariri. Watu wengi huandika hadithi kwanza, kisha huitafutia maswali. Mimi nilianza na swali gumu kuliko yote, lile ambalo jibu lake halikuandikwa popote lakini msomaji makini analipata. Hadithi ikishakamilika kila kitu kimesemwa waziwazi, na ukija kutafuta swali la kufikiri hukuti pa kulichomeka.

Jambo nililotaka mwanafunzi aligundue mwenyewe ni hili: babu, fundi saa wa miaka mingi, macho yake yameanza kufifia, naye hataki kusema. Basi nikajiwekea sharti kwamba maneno "macho", "kuona" na "miwani" hayatatokea mahali popote. Kifungu chote kilikuwa na maneno kama 250, na maneno mageni hayakuzidi matano. Aya iliyobeba mzigo ilikuwa hivi mwanzoni:

"Babu alihamishia kiti dirishani, akaifungua saa na kutandaza vipande vyake juu ya kitambaa cheupe. Gurudumu dogo kuliko yote alilihesabu meno kwa ncha ya kidole, polepole, mara mbili. Skrubu ya mwisho ilimponyoka. Akapapasa kitambaani hadi akaipata, ikamponyoka tena. Zuhura alikuwa pembeni akifanya hesabu zake. 'Njoo unitilie hii,' babu akamwambia."

Swali lenyewe: "Unadhani kwa nini babu alimwita Zuhura? Taja mambo mawili kwenye habari yanayokuonyesha hivyo." Sikuuliza "Kwa nini babu hakuona vizuri?" kwa kuwa hapo swali lingekuwa limeshajijibu.

Kabla ya kusonga mbele nilikaa upande wa mtoto mbishi nikajaribu kulitetea kila jibu jingine. Babu alitaka kumfundisha mjukuu kazi: linaweza kutetewa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa uzee: hilo pia linaweza kutetewa, tena vizuri sana, maana skrubu imemponyoka mara mbili. Jibu likiweza kutetewa kwa maneno ya kifungu, huna haki ya kulikosoa. Ama ulikubali, ama urekebishe kifungu. Mimi nilirekebisha. Baada ya gurudumu niliongeza "Mkono wake ulikuwa umetulia kama zamani," na maneno ya babu nikayarefusha: "Njoo unitilie hii, halafu urudi kwenye hesabu zako." Anayetaka kufundisha hamrudishi mwanafunzi haraka namna hiyo. Sentensi mbili tu, na njia zote mbili zikazibika bila siri kutoka.

Ndipo nikashuka kwenye maswali mepesi, na hapa kuna mtego ambao huwa haupewi uzito wake. Soma sentensi hii isiyo na maana yoyote: "Kibwingu kilizafua redu nyuma ya mrepe." Sasa jibu: Kibwingu kilizafua nini? Redu. Wapi? Nyuma ya mrepe. Alama zote mbili umepata, na hujui ulichosoma. Swali la "Babu alitandaza nini juu ya kitambaa cheupe?" ni la aina hiyohiyo. Mtoto anatafuta maneno ya swali ndani ya kifungu, ananakili lililo jirani, basi. Kwa hiyo hata swali la chini kabisa nililiuliza kwa maneno mengine: "Kabla ya kuanza kazi, babu alikaa sehemu gani ya chumba?" Kifungu hakina neno "alikaa" wala "sehemu". Mtoto lazima aelewe kwamba kuhamishia kiti dirishani ni kwenda kukaa hapo. Jibu bado ni jepesi, lakini limepitia kichwani.

Maswali haya mepesi niliyapa kazi ya pili. Moja linamfikisha mtoto dirishani, lingine linamuuliza babu alijuaje idadi ya meno ya gurudumu. Anapofika kwenye swali gumu tayari amegusa vidokezo viwili, ingawa hakuna aliyemwambia kuwa ni vidokezo. Katikati niliweka swali la kuunganisha, ambalo nusu ya jibu iko aya ya kwanza, ambako mteja anaahidi kuifuata saa yake jioni, na nusu iko aya ya tatu, jua linapozama babu akiwa bado kazini. Anayesoma aya mojamoja kama visiwa hulikosa hilo hata kama kila sentensi ameielewa.

Swali la msamiati lilikuwa la kuchagua: "ilimponyoka" maana yake nini? Hapo naangalia jambo moja tu, kwamba kila chaguo likiwekwa kwenye nafasi ya neno hilo, sentensi isimame kisarufi. Chaguo lisiloingia kwenye sentensi mtoto analifuta bila kufikiri.

Kisha nikafanya jaribio ninaloliamini kuliko mengine: niliwapa watu maswali bila kifungu. Swali moja lilianguka papo hapo. Niliuliza kwa nini fundi hutandaza kitambaa kabla ya kufungua saa, na waliojibu bila kusoma chochote walipatia, kwa sababu ni jambo la akili ya kawaida. Swali kama hilo linapima mtoto anajua nini kuhusu dunia, halipimi alichosoma. Nililifuta. Kwa maswali ya kuchagua yenye majibu manne, mtu anayebahatisha hupatia takriban moja kati ya manne. Wasiosoma wakipatia zaidi ya hapo, tazama machaguo yako. Mara nyingi jibu sahihi ndilo refu kuliko mengine.

Baada ya hapo nikakaa na wanafunzi wachache, wengine wasomaji hodari, wengine wa kusuasua. Baada ya kila jibu niliuliza kitu kimoja: "Umejuaje?" Mmoja alisema babu alimwita Zuhura "kwa sababu ni mzee." Nikamuuliza amejuaje, akasema mababu wote ni wazee. Maneno hayo niliyapeleka moja kwa moja kwenye mwongozo wa kusahihisha. "Kwa sababu ni mzee" peke yake haina alama. "Haoni vizuri" ina alama 1, na alama ya pili inatoka kwa ushahidi: dirisha, kuhesabu kwa kidole au kupapasa, viwili kati ya hivyo. Mwongozo usipoandika majibu yasiyokubalika, wasahihishaji wawili watampa mtoto mmoja alama tofauti.

Swali la mwisho lilikuwa la maoni: "Ungekuwa Zuhura, ungefanya nini baada ya kutia skrubu ile? Tumia habari kutetea jibu lako." Alama haziendi kwa wazo zuri. Aliyesema angenyamaza kwa sababu babu mwenyewe alificha, na aliyesema angemwambia mama kwa sababu mteja ataletewa saa mbovu, wote wanapata sawa mradi sababu imetoka kwenye kifungu.

Kichwa cha habari nilikiweka mwisho kabisa. Mwenzangu alipendekeza "Macho ya Babu". Kinavutia, lakini kingetoa jibu la swali gumu kabla mtoto hajasoma mstari wa kwanza, kwa hiyo kikawa "Skrubu ya Mwisho".