Jedwali la hatifungani lililogoma kufika milioni 10

Hatimaye limekubali, naweka hapa limsaidie mwingine. Hatifungani ni ya shilingi 10,000,000, miaka 5, riba ya 10% inayolipwa kila miezi 6. Soko lilitaka 12%, kwa hiyo iliuzwa 9,263,991. Punguzo ni 736,009.

Tatizo: baada ya malipo 10, deni liliishia 9,822,381. Nikagawa punguzo kwa 10, likafika, lakini hiyo siyo njia ya riba halisi. Kukagua fomula za Excel nako hakukusaidia mwanzoni.

Dawa ilikuwa kwenye kuzidisha deni kwa 6%, yaani nusu ya ile 12% ya soko kwa kila miezi 6. Malipo ya kwanza: 9,263,991 × 6% = 555,839. Debiti gharama ya riba 555,839, krediti fedha taslimu 500,000, krediti punguzo 55,839. Deni sasa ni 9,319,830.

Malipo ya pili yanaanzia hapo, si kwenye bei ya kuuzia: 9,319,830 × 6% = 559,190. Taslimu ni 500,000 ileile, punguzo 59,190, deni 9,379,020. Ukiona punguzo la pili limelingana na la kwanza, fomula yako bado imeshikilia seli ya mwanzo. Kwangu ilikuwa alama ya $ tu.